Ubao wa Maingi

Siku mbili kabla ya mazishi, Mbinya alimpeleka Annah mtaani Makongeni kuondoa vitu katika kibanda cha kunyolea cha marehemu. Maingi, kaka yake Mbinya, alikuwa amechukuliwa na homa ya mapafu. Annah alikuwa binti wa pekee wa Maingi, aliyekulia Uingereza kwa mama yake, na hakujua Kiswahili, hivyo yeye na shangaziye walizungumza Kiingereza. Tangu ashuke uwanja wa ndege alikuwa hajadondosha chozi, na asubuhi hiyo alikuwa amemwambia Mbinya kwamba huenda akarudi Uingereza kabla ya mazishi.

"Nitamlilia nani? Simjui," alisema.

Mbinya alijua kwamba mtoto alisema kweli.

Juu ya mlango wa mabati palikuwa na ubao ambao Maingi aliupaka rangi kwa mkono wake:

BUDA, MWENZAKO AKINYOLEWA, TIA MAJI.
MAJI IKO. STIMA NDIO NGORI.

Annah alielekeza simu yake kwenye ubao, akasoma tafsiri iliyotokea, akakunja uso. "Inasema 'baba'. Aliandika juu ya nani?"

"Si baba hasa. Buda ni baba, lakini ni mwanamume yeyote pia. Vijana huitana hivyo." Mbinya akamfasiria moja kwa moja, kama alivyozoea kufasiri barua ofisini. "Man, when your friend is being shaved, put water. There is water. Electricity is the problem."

Annah akangoja. "Basi ni tangazo la huduma?"

"Ni mzaha!"

"Unachekesha wapi?"

Mbinya akaeleza. Mstari wa kwanza ni methali ambayo kila mtoto hufundishwa shuleni: linalompata mwenzako laja kwako, jiandae. Maingi ameichukua kama ilivyo, kichwa na maji na wembe. Unaposubiri hekima ya wazee, Kiswahili kinaanguka ghafla barabarani, "maji iko" badala ya "maji yapo", na kinyozi anakiri kwamba mashine yake haina umeme. Ngori ni balaa, lakini balaa la mtaani, la kusemwa ukiwa umeinua mabega.

Annah akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Mzaha ulikuwa umekufa mikononi mwa Mbinya, na aliona kana kwamba amemwua kaka yake mara ya pili.

Akaketi kwenye benchi la wateja. Akajaribu tena, akaacha. Methali za Kiingereza zenye onyo alizijua kadhaa, lakini hakukuwa na hata moja yenye kunyoa ndani yake.

"Kwenu," akauliza mwishowe, "kinyozi akimaliza mtu mmoja, humwambia nini anayengoja?"

"You're next."

Zamu yako. Wakatazamana. Lilikuwa neno la foleni, na lilikuwa pia neno la mtu anayekutisha.

"Hilo!" Mbinya akasimama. "Onyo limo, na kinyozi yumo. Sasa buda. Tuseme 'mate', yaani rafiki?"

"Lakini hapo baba atapotea," Annah akasema taratibu.

"Tukisema 'Dad', wateja watapotea."

Annah akautazama tena ubao. "Old man," akasema. "Kwetu mtu humwita hivyo baba yake. Na rafiki yake pia."

Wakaendelea, mmoja akiweka neno na mwingine akiliondoa. "Electricity" likatupwa kwa kuwa refu na lenye harufu ya ofisi. Ngori haikupata neno pacha la Kiingereza, wakaweka 'usiulize' ya mtu aliyeinua mabega. Annah akasoma yote kwa sauti:

"You're next, old man. Wet your head. Water we've got. Power? Don't ask."

Kicheko kikamtoka kabla hajajua, kikubwa, cha tumboni. Mbinya naye akacheka. Mwanamke aliyekuwa akipita na mtungi akageuka kuwatazama, maana kila mtu alijua pale kuna msiba.

Halafu Annah akayarudia yale maneno ya kwanza peke yake, polepole. Zamu yako, mzee. Kicheko kikakatika. Akashika nguzo ya mlango, mabega yakaanza kutikisika, na safari hii si kwa kicheko.

"Alikuwa mcheshi," alisema ndani ya kilio. "Hakuna aliyeniambia. Miaka yote hiyo!"

Mbinya alimkumbatia. Yeye mwenyewe alikuwa amempigia simu kuhusu karo na ugonjwa tu, kamwe si kuhusu mizaha.

"Nitabaki hadi mazishi," Annah akasema baadaye, akijipangusa. Kisha akauliza, "Shangazi, alikuwa akicheka vipi?"

Mbinya akafungua kinywa ili amwigizie. Alijaribu mara mbili. Sauti ya Maingi alikuwa nayo kichwani, wazi kabisa, lakini haikukubali kutoka.