Ndunge Nzau Wawili

"Sifuri hupewa mtu aliyerudisha karatasi nyeupe, Mwalimu. Mimi niliandika."

"Uliandika, Mama Evanson, lakini hukuandika jibu."

"Basi niliandika nini? Barua ya mapenzi?"

Mwalimu Chege hakucheka. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi vizuri, na aliusimamia mtihani wa kompyuta katika chuo hicho kidogo cha Kitui kama mtu anayelinda mali ya babake. Aligonga karatasi kwa kidole. Swali la tano, alama kumi na mbili. Sifuri nyekundu, duara kubwa, kana kwamba aliichora kwa furaha.

Mwongeli, yaani Mama Evanson, hakuketi ingawa kiti kilikuwapo. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, watoto watatu, na kazi ya ukarani katika ghala la ndengu la ushirika wao kule Matiliku. Ushirika ulikuwa umemruhusu asome mwaka mmoja tu. Alikuwa amepata alama thelathini na sita. Aliyekosa arobaini hakusajiliwa kwa mtihani wa kitaifa, na alama zote zilipaswa kutumwa leo saa kumi. Sasa ilikuwa saa nane na nusu.

"Soma swali," alisema.

"Nililitunga mimi."

"Ndiyo maana nataka ulisome."

Chege akasoma, sauti kavu. Kulikuwa na majedwali mawili. La kwanza, wanachama: namba, jina na soko la kila mkulima. La pili, mavuno: namba ya mkulima, jina lake, na kilo alizoleta. Mtahiniwa aandike amri ya kuonyesha jina, soko na kilo, kwa mizigo iliyozidi kilo hamsini tu, ikipangwa kutoka mkubwa hadi mdogo. Kisha aandike matokeo.

"Matokeo ni mistari mitano," Chege alisema. "Wewe una mitatu. Matokeo yakikosea, amri imekosea."

"Hiyo mitano umeitoa wapi?"

"Kwenye mwongozo wa kusahihisha."

"Na mwongozo aliuandika nani?"

Mwongeli akavuta kompyuta iliyokuwa karibu. Majedwali yale yalikuwa humo, kwa sababu Chege mwenyewe ndiye aliyeyaweka, na yalikuwa na wakulima wanne tu. Muhula uliopita alikuwa amemwomba Mwongeli mfano wa orodha ya ghala, naye akampa bila kinyongo.

Akaandika amri yake, herufi kwa herufi kama ilivyokuwa kwenye karatasi:

SELECT wanachama.jina, soko, kilo
FROM wanachama JOIN mavuno
ON wanachama.namba = mavuno.namba
WHERE kilo > 50
ORDER BY kilo DESC;

Amri iliunganisha majedwali kwa namba ya mkulima, na mistari mitatu ikatokea. Ndunge Nzau, Matiliku, 90. Ndunge Nzau, Mukuyuni, 70. Musyimi Ndeti, Matiliku, 60. Kiema Nyamai hakuwepo, kwa kuwa alileta kilo arobaini na tano.

"Sasa yako."

Chege aliegemea, akabadilisha mstari mmoja tu. Mahali pa namba akaandika jina: wanachama.jina = mavuno.jina. Akabonyeza. Mistari mitano.

"Unaona?" alisema.

"Naona. Na wewe tazama. Ndunge Nzau wa Matiliku, tisini. Ndunge Nzau wa Mukuyuni, tisini. Halafu sabini Matiliku, na sabini tena Mukuyuni. Hao akina Ndunge walileta kilo ngapi?"

Chege alihesabu kwa macho. "Mia moja na sitini."

"Jibu lako linasema mia tatu na ishirini. Nusu ya ndengu hizo hazijawahi kumea popote."

"Ndunge ni mmoja. Ana mashamba sehemu mbili."

"Mwalimu, mimi ndiye huwapimia! Ni wawili. Mzee Nzau ana wana wawili wa kiume, kila mmoja akampa binti yake jina la nyanya yake. Mmoja ana mwanya, mwingine ana mdomo. Ndiyo maana kila mmoja ana namba, 104 na 121. Ukiunganisha kwa jina, mashine inampa kila Ndunge mzigo wake na wa mwenzake." Akamkazia macho. "Na usiniambie hili ni jambo la Ukambani peke yake. Kwenu hakuna wasichana wanne waitwao Wariara, wote kwa jina la nyanya mmoja?"

Masikio ya Mwalimu Chege yaliiva.

"Wapo watano," alisema.

Alivuta karatasi ya Mwongeli, akaongea kwa sauti ya chini. "Sawa. Nitakupa kumi na mbili zako. Itakuwa arobaini na nane. Nitasema nilikosea kujumlisha. Weka sahihi hapa."

Akasukuma orodha ya alama mbele yake. Mwongeli alishika kalamu. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi alipouona mstari wa chini ya jina lake. Mbinya, thelathini na tatu, swali la tano sifuri. Na zaidi chini, Kaloki, thelathini na saba, swali la tano sifuri.

"Hawa nao waliunganisha kwa namba?"

"Mama Evanson, weka sahihi."

"Nimeuliza."

"Ndiyo. Lakini hawajalalamika."

"Hawajalalamika kwa sababu wanaamini mwalimu wao."

"Sikiliza," Chege alisema, na sasa alikuwa akiomba. "Alama ya mtu mmoja naweza kuirekebisha. Za watatu, lazima nijaze fomu, Bi. Gakenia, mkuu wa idara, atie sahihi, na nimweleze kwa nini mwongozo ulikosea. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Na wale ishirini na wanane walioandika kwa jina?"

"Waliandika ulichowafundisha. Kosa ni lako, usiwakate alama."

"Ukileta kelele, mimi nitautetea mwongozo. Yako itabaki thelathini na sita. Unanielewa?"

Mwongeli alimwelewa vizuri sana. Aliuona mwaka mzima ukipita, akirudi ghalani bila cheti, na mwenyekiti wa ushirika akimwuliza mbele ya watu alikuwa akifanya nini Kitui. Mkono ulikuwa bado na kalamu, na sahihi yake ilikuwa fupi. Ingemchukua sekunde mbili.

Aliirudisha kalamu mezani.

"Nakuelewa. Sasa nielewe na wewe. Sitaki alama ya kujumlisha vibaya. Sikukosewa kujumlisha. Nilikuwa na jibu sahihi."

Akabonyeza kitufe cha kuchapa. Mashine ikatoa majibu yote mawili, ya mistari mitatu na ya mitano. Akaenda dirishani, akalisukuma likafunguka. Nje, wanafunzi walikuwa wameketi kwenye ngazi za bweni.

"Mbinya! Kaloki! Leteni karatasi zenu za mtihani. Sasa hivi!"

"Kuna nini, mama?" Kaloki aliuliza.

"Kuna alama zenu kumi na mbili. Mtazungumza baadaye, tembeeni!"

"Mama Evanson, tafadhali," Chege alisema nyuma yake.

"Twende pamoja, Mwalimu. Ukisema wewe mwenyewe, itakufaa zaidi kuliko nikisema mimi."

Hakungoja ajibu. Alivuka ukumbi, Mbinya na Kaloki wakimfuata wakihema, karatasi mikononi. Kwenye mlango wa mkuu wa idara alibisha mara mbili, akasukuma, akaingia, na kuyaweka majibu yote mawili juu ya meza ya Bi. Gakenia.