Ndama Mwenye Chapa ya Kijiko

Doña Herminia Casillas alikuwa ameloweka miguu kwenye karai la maji ya chumvi, sahani ya maharage mapajani, simu ilipolia. Alikuwa Anacleto Barragán wa ng'ambo ya korongo, mtu ambaye hapigi simu ila ana shida, na akiwa na shida huongea kana kwamba aliyepigiwa ndiye aliyeisababisha.

"Ng'ombe wangu amekwama kuzaa, na wewe umekaa tu," alisema.

"Chupa imepasuka saa ngapi?"

"Wakati wa rozari."

"Miguu imetoka?"

"Miwili. Pua haionekani. Lakini tumeshaanza kuvuta."

"Nyie na nani?"

"Mimi na nyumbu."

"Mfungue nyumbu umwambie akalale," alisema Herminia. "Na wewe usiguse kitu mpaka nifike."

Akafuta miguu, akafunika maharage, akachukua ndoo yake. Herminia hakuwa daktari. Alikuwa mhudumu wa mifugo wa vijiji vyote vya uwanda ule, alifundishwa na ushirika wa maziwa, na mikono yake ilikuwa mirefu na myembamba kiasi kwamba watu walisema Mungu alipoiumba alikuwa na ng'ombe kando yake kwa ajili ya kupimia. Kazi ile alikuwa ameifanya miaka mingi na ameshaona mengi. Mwaka uliopita alimzalisha punda mmoja, mtoto akatoka ameshapigwa viatu vya chuma miguu yote minne. Alilalamika kwa sababu viatu vile vilimchubua mama, basi.

Alimkuta ng'ombe amelala zizini kwa ubavu wa kulia. Aliitwa Golondrina, mweusi mwenye tumbo jeupe. Petronila, dada yake Anacleto, alikuwa amepiga magoti kichwani pake akimkuna nyuma ya masikio na kumnong'oneza mambo yao wawili. Anacleto alisimama nyuma na kamba mkononi, uso umemvimba kwa hasira. Nyumbu alikuwa pembeni, naye amenuna.

Inafaa niseme mapema kuhusu ng'ombe huyu, maana pale kijijini kila mtu anajua na kila mtu amenyamaza. Marehemu baba yao aliwatengenezea watoto wake wawili chuma cha chapa, kila mmoja chake. Anacleto aliomba tai. Mhunzi alijitahidi, lakini tai akatoka kama kuku, na mpaka leo ng'ombe wa Anacleto wanaitwa ng'ombe wa kuku, ila si mbele yake. Petronila alikuwa mtoto mdogo, alikuwa anakula, akaulizwa anataka chapa gani, akainua kijiko. Basi akatengenezewa kijiko. Mzee alipokuwa kitandani akisubiri kufa alisema mbele ya wote kwamba Golondrina ni wa Petronila. Alipokwisha kuzikwa, Anacleto akasema mwanamke asiye na mume ana ng'ombe wa nini, akampiga Golondrina chapa ya kuku, na chuma cha kijiko akakifanya cha kuchochea kuni jikoni. Petronila akabaki kumkamua ng'ombe wake kwa faida ya kaka yake. Alichotaka ni kitu kimoja tu: ndama mmoja jike, aanze zizi lake, auze jibini yake mwenyewe.

Herminia alivua sweta, akamsafisha Golondrina nyuma kwa maji ya moto na sabuni, akajisugua mikono mpaka mabegani, akajipaka mafuta kwa wingi. Akalala kifudifudi kwenye nyasi kavu, akaingiza mkono.

Kwanza alitaka kujua ile miguu miwili ni ya mbele au ya nyuma, na ni ya ndama mmoja au wawili. Alifuata mguu kutoka kwenye kwato. Kifundo kilikunjika, na kiungo cha juu yake kikakunjika upande uleule. Hilo ni goti; ni mguu wa mbele. Ungekuwa wa nyuma, kiungo cha juu kingekunjika upande wa pili. Akapanda hadi kifuani, akashuka na mguu mwingine. Ni wa ndama yuleyule. Akafinya katikati ya kwato. Mguu ukajivuta.

"Mzima," alisema, na Petronila akapiga ishara ya msalaba.

"Basi tuvute!" alisema Anacleto.

"Kichwa kimegeuka nyuma, kimelala ubavuni. Wewe na nyumbu mlikuwa mnavuta miguu, shingo inazidi kujikunja. Mngeendelea, mngeivunja, na mama mngempasua."

"Nyumbu ndiye aliyekuwa anaharakisha."

Herminia alizamisha mkono zaidi. Alikuwa anautafuta mdomo wa ndama, na vidole vyake vilipopita kwenye bega la kushoto vilikuta mahali pasipo na manyoya. Palikuwa na kovu, laini, lililokwisha kupona. Akalifuata kwa ncha ya kidole: mpini mrefu, na mwisho wake duara kama yai.

"Petronila," alisema, "ndama wako ana chapa."

"Chapa gani?"

"Kijiko."

Petronila aliendelea kumkuna Golondrina. Anacleto akauliza kijiko kimeangalia juu au chini. Herminia akasema juu. Anacleto akasema hata hivyo hakimhusu.

Uchungu ulipotulia, Herminia alimsukuma ndama kifuani arudi ndani kidogo, maana kichwa hakigeuki pasipo na nafasi. Ng'ombe alipokaza alingoja, alipolegea akasukuma tena. Akapitisha mkono shingoni, akaingiza vidole viwili kwenye pembe ya mdomo wa ndama, akaufunika mdomo kwa kiganja ili meno yasiukwaruze mfuko wa uzazi, akakileta kichwa polepole mpaka pua ikalala juu ya magoti. Ndama akaanza kumnyonya kidole. Herminia akacheka peke yake pale chini, jasho likimtiririka. Alizipenda sana dakika za namna ile, na hakuwahi kumwambia mtu.

Akafunga kamba laini nyuma ya masikio na kuipitisha mdomoni, si kwa kukivuta kichwa bali kukielekeza. Kila mguu akaufunga kitanzi juu ya kifundo na kingine chini yake, uzito ugawanyike, mfupa usivunjike.

"Don Anacleto, shika hizi za miguu. Vuta akikaza, acha akiacha."

Anacleto alishika. Papo hapo kichwa kikateleza kutoka mkononi mwa Herminia kikarudi ubavuni kilikotoka. Herminia akaanza upya: kusukuma, kutafuta, kugeuza. Kikakaa. Anacleto akagusa kamba. Kikarudi.

"Ndama hakutaki," alisema Herminia.

"Hajaniona hata mara moja!"

"Basi amesikia habari zako. Nenda kachemshe maji."

"Maji yameshachemka."

"Yachemshe tena."

Akaenda, akinung'unika kwamba katika nchi hii mtu anafukuzwa hata na asiyezaliwa. Petronila akamwacha Golondrina kwa busu la paji la uso, akaja nyuma, akashika kamba. Kichwa kikatulia juu ya magoti kama mtu aliyeketi kungoja gari.

Wakavuta kwa ustaarabu. Ng'ombe akikaza, Petronila anavuta mguu mmoja kidogo, halafu mwingine, mabega yapite kwa zamu kama mtu anayepenya mlango mwembamba na mzigo. Herminia akipitisha viganja kuzunguka kichwa, akilainisha kwa mafuta. Ulimi ukatoka, umevimba, halafu pua, halafu paji la uso. Wakapumzika. "Sasa vuta kuelekea chini," alisema Herminia, "kuelekea miguu yake ya nyuma. Ndivyo njia ilivyopinda." Mabega yakatoka, na kile kijiko kikatoka nayo, kikang'aa kwenye mwanga wa taa. Nyonga zikataka kukwama. Herminia akamzungusha ndama robo mzunguko, na ndama akaporomoka juu ya magoti ya Petronila na maji yote.

Hakupumua. Herminia alimtoa ute mdomoni, akamlaza kwa kifua, akachukua unyasi na kumtekenya ndani ya pua. Ndama akapiga chafya. Akapiga ya pili, akafungua macho, akamtazama Petronila.

Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Huyu alikuwa jike. Petronila alimkumbatia akalia kwa sauti, bila aibu, na Herminia akamwacha alie huku akichovya kitovu kwenye iodini na kurudisha mkono ndani kuhakikisha hakuna pacha wala mchaniko. Hakukuwa na kitu. Golondrina alisimama, akamlamba ndama, akamlamba na Petronila kwa kuchanganya. Kabla hakujapambazuka ndama alikuwa ameshanyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, na kondo la nyuma limeshashuka.

Asubuhi wakamwita Don Eleuterio, mzee anayeamua mambo ya chapa katika uwanda ule, kwa kuwa kule mnyama ni wa mwenye chapa na hakuna mjadala. Alivaa miwani, akachuchumaa, akapapasa.

"Kijiko," alisema. "Na kimepigwa vizuri. Kuliko cha wengine." Hakumtazama Anacleto.

"Basi ni wangu," alisema Petronila.

"Ngoja, mwanangu. Nani alimpiga chapa?"

"Nimeigusa akiwa bado tumboni," alisema Herminia. "Hakuna mtu aliyeingia mle na moto."

"Hapo ndipo penye tatizo, Doña Herminia." Don Eleuterio alivua miwani akaifuta kwa shati. "Chapa ni moto. Pasipo moto hapana chapa, ni baka tu. Na ndama asiye na chapa ni wa mwenye mama yake. Mama yake ana kuku."

"Tai," alisema Anacleto.

"Ana tai."

"Baba alisema mbele yenu wote," alisema Petronila. "Na wewe ulikuwepo, Don Eleuterio. Ulikuwa umekalia kile kiti cha bluu."

Don Eleuterio alikiri kwamba kiti kilikuwa cha bluu. Akanywa kahawa yake ya mdalasini, akasifu mkate, akaenda zake. Herminia alimfuata mpaka getini akimwambia maneno ambayo mwanamke wa rika lake hapaswi kuyajua, na mzee akayasikiliza kwa adabu. Hukumu haikubadilika.

Ndama alipokua kidogo, Anacleto alimpiga chapa juu ya kijiko, na sasa kuna mtamba anayezunguka malishoni na kuku aliyemeza kijiko. Wapita njia humwona na kuendelea na safari. Golondrina amezaa tena mara tatu tangu hapo. Kila mara kichwa hugeuka nyuma, kila mara huitwa Herminia, kila mara Petronila ndiye hushika kamba, na kila ndama hutoka na kijiko chake begani.

Siku hizi hawamwiti tena Don Eleuterio. Uchungu ukianza tu, Anacleto huweka chuma chake motoni mapema ili asipoteze asubuhi. Anaugua kifua, hawezi kupuliza moto. Petronila humpulizia.