Mkono wa Upande wa Ukuta

Daktari wa wodi yetu ana tabia inayonitia kinyaa: hula biskuti juu ya majibu ninayompelekea kutoka maabara yangu. Asubuhi hiyo chenga zilikuwa zimeangukia majibu ya Bi Dekio, mfagiaji wetu, aliyelazwa kwa homa ya dengue. Ugonjwa wenyewe aliupatia hapahapa, sina shaka, kwenye pipa la nyuma ya stoo lililojaa viluwiluwi vya mbu. Alililalamikia pipa hilo mpaka akachoka.

"Homa imeshuka," daktari akaniambia huku akitafuna. "Chembe sahani, zile za kugandisha damu, elfu arobaini na moja, lakini hatoki damu popote. Aende nyumbani."

"Jana zilikuwa elfu themanini na mbili. Na hematokriti umeiona?"

Mumewe, fundi viatu, alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya daktari na kanga za mkewe mkononi. Akadakia kwa furaha, "Ile ya wingi wa damu? Nimesikia imetoka thelathini na saba, leo arobaini na tano. Mke wangu amepata damu, dada."

"Hajapata damu, shemeji. Amepoteza maji."

Nikamweleza yeye, ingawa niliyetaka asikie ni daktari. Dengue ina ujanja wake: homa ikishuka, watu wakianza kushukuru, ndipo mishipa huanza kuvuja. Maji ya damu hupenya yakaenda kukaa tumboni na kifuani, chembe nyekundu zikabaki mshipani. Damu inakuwa nzito, kama mchuzi uliosahauliwa jikoni. Chembe sahani zikianguka, hilo ni onyo. Hematokriti ikipanda kwa moja ya tano, kama ya mkewe, uvujaji umeshaanza, na mtu anaweza kuzimika akiwa anaongea.

"Au mashine yako imechoka," daktari akasema, akapangusa chenga kwa mkono. "Rudia."

Muuguzi alikuwa mmoja kwa vitanda thelathini, kwa hiyo nikapanda mwenyewe wodini na sindano. Wodi ilinuka matapishi na dawa ya choo. Chini ya kitanda cha Bi Dekio kulikuwa na beseni ambalo hakuna aliyelimwaga, kwa sababu wa kulimwaga ndiye aliyelala juu yake. Kitanda kilisukumwa hadi ukutani; kuufikia mkono wa upande wa ukuta ingebidi nilivuke lile beseni lililochomoza, nami sikutaka, nikafunga mpira kwenye mkono uliokuwa karibu nami.

"Tumbo linaniuma, mdogo wangu," akasema.

"Utapona, dada." Wala sikumsikiliza. Nilikuwa napanga maneno ya kumchoma nayo daktari.

Majibu yakatoka: hematokriti thelathini na sita. Nikayapeleka. Daktari akacheka kwa pua, akasaini ruhusa.

Nilirudi mezani nimenuna, nikayatazama tena. Chembe sahani zilikuwa zimetoka elfu arobaini na moja hadi thelathini na tatu. Chembe nyeupe nazo zimepungua kwa moja ya tano. Hemoglobini pia. Kila kitu kimepungua kwa kiasi kilekile, ndani ya saa moja, kama maziwa ya mchuuzi mwongo. Nikakumbuka ule mkono. Ulikuwa na dripu. Nilichoma juu yake kidogo tu, nikavuta damu iliyochanganyika na maji ya chupa, kosa ambalo nimewafokea wauguzi miaka kumi na minne.

Nikapanda ngazi mbili mbili. Fundi viatu alikuwa ameshamvisha mkewe, yuko chini anamfunga kamba za viatu.

"Miguu yake baridi sana," akaniambia. "Nimemvisha soksi."

Nikalivuka beseni, nikachoma mkono wa upande wa ukuta. Mashine ikatoa hematokriti arobaini na tisa. Muuguzi akapima presha: mia moja kwa themanini na tano, ya juu na ya chini zimekaribia kugusana, dalili kwamba mwili unaanza kuzimika. Nikamwekea daktari karatasi zote mbili juu ya biskuti zake.

Rangi ikamtoka. Akaichana ile ruhusa, akaenda mwenyewe kuifungulia dripu ikimbie kasi. Kisha akaniuliza mbele ya fundi viatu, "Damu ile ya thelathini na sita aliitoa nani?"

Muuguzi aliinamisha kichwa, alizoea kubebeshwa lawama.

"Mimi," nikasema. "Kwenye mkono wa dripu. Sikutaka kulivuka beseni."

Fundi viatu alinitazama, kisha akainama kumvua mkewe viatu.

Walimpima kila baada ya saa chache. Siku ya tatu hematokriti ilikuwa imerudi thelathini na nane, chembe sahani zimeanza kupanda zenyewe. Baada ya wiki mbili alikuja kupiga deki maabara, amekonda, nikamwinulia miguu apitishe dekio, kama kawaida yetu.

"Mume wangu ameniambia yote," akasema, akipitisha dekio chini ya kiti changu. "Beseni lenyewe, mdogo wangu, lilikuwa linanuka kweli."

Akaendelea kufuta. Mimi ndiye niliyeshindwa kuteremsha miguu, hata dekio lilipokwisha kupita.