Kioo Juu ya Ufa

Niliitwa Msambweni kupiga randa mlango. Bi Subira alinipigia simu mwenyewe, akasema mlango wa orofani unakwangua sakafu, na harusi ya bintiye Mejumaa imekaribia, hataki wageni wauone mlango unasukumwa kwa bega kama wa zizi la mbuzi. Nilikuwa Kombani wakati huo, nikimjengea mtu choo. Nikabeba randa na msumeno, nikashuka pwani.

Nyumba ni ya mawe ya matumbawe, ya orofa moja, ile ya kuta nene ambazo ukiweka mkono dirishani kiwiko hakitokezi nje. Sakafu ya juu imelala juu ya boriti za mikoko, na juu ya boriti pana mawe na chokaa, mzigo mzito kweli. Bi Subira aliirithi kwa mamake. Chini anaishi mjomba wake, Mzee Nassir, na mbele ana kijiduka cha vitenge. Juu kuna chumba kikubwa ambacho wanawake wa ukoo huo wote wamepambwa humo siku ya kuolewa: bibi, mama, Subira mwenyewe. Sasa ilikuwa zamu ya Mejumaa.

Nilipanda, nikauangalia ule mlango. Sikuitoa randa kwenye mfuko.

"Vipi, Mzee Karisa?" akauliza Bi Subira. "Umevimba kwa mvua?"

"Mlango haujavimba, mwanangu. Tazama. Juu huku pana mwanya wa kupitisha vidole, chini huku unakwangua. Mbao ikivimba hubana pande zote. Hapa fremu ndiyo imelala upande."

"Basi ukate chini."

"Nikikata, utafunga leo. Mwezi ujao utaniita tena nikate. Mwishowe utabaki na dirisha."

Akacheka, lakini si sana. Nikamwomba tutoke nje tuizunguke nyumba.

Ukuta wa upande wa kisima ulikuwa umepakwa chokaa mpya kwa ajili ya harusi, mweupe kama kanzu ya Idi. Hata hivyo ufa ulikuwa umeshapenya kwenye ile rangi. Ulianzia pembe ya dirisha la chini, ukapanda kwa mshazari kuelekea pembe ya nyumba, chini mwembamba kama unywele, juu mpana wa kuingiza sarafu. Nikarudi ndani, nikaukuta ufa uleule mahali palepale. Maana yake haukuwa ufa wa lipu tu. Lipu hupasuka ovyo, vipande vipande kama tope lililokauka, na hakuna neno. Huu ulipita ukuta mzima, na uliponyooshea ndipo palipokuwa panazama.

"Nyufa ziko hapa tangu nikiwa mdogo," alisema Mzee Nassir. Alikuwa ameketi barazani na kikombe chake cha kahawa. Mzee mpole, fulana safi, kofia ya kushona kwa mkono. "Kila mwaka kabla ya mfungo tunaziba, tunapaka chokaa, tunasahau."

"Ndugu yangu, mkiziba kila mwaka mtajuaje kama zinakua?"

"Zikikua si tutaona?"

"Mtaona vipi na mnazifunika?"

Akanywa kahawa.

Ufa wa zamani uliotulia una vumbi ndani, una utando wa buibui, kingo zake zimepigwa na mvua zikalainika. Nilipoukwangua huu nikaona jiwe jeupe, safi, kingo kali. Lakini jicho langu si ushahidi. Basi nikafanya ninavyofanya siku zote. Nikatoa lipu mpaka nikafika jiwe, nikachukua vipande vya kioo cha dirisha lililovunjika vilivyokuwa nyuma ya jiko, nikavibandika kukatisha ufa kwa jasi, kimoja chini na kimoja juu. Kioo hakivutiki. Ukuta ukisogea hata kidogo, kinapasuka.

Kisha nikasimamisha ngazi ndani ya kijiduka, nikapanda kutazama boriti za chumba kile kwa chini. Nilivuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta. Zilikuwa zimepinda katikati, na hilo peke yake halikunishtua. Mkoko hulegea kwa miaka na ukaendelea kubeba. Kilichonitisha ni ncha. Upande ule wa ufa, mtu fulani alikuwa ameupiga ukuta lipu ya simiti. Jiwe la tumbawe na chokaa hupumua. Ukilivisha simiti maji hubaki ndani, na ncha ya boriti imelala humo humo. Nilichomeka bisibisi kwenye boriti katikati, ikagoma. Nikaichomeka penye ukuta, ikaingia kama kwenye muhogo uliochemka.

"Bi Subira," nikamwambia, "mimi nakuomba umwite mhandisi."

Uso wake ukabadilika. "Mhandisi aje kuniwekea alama ya X nyekundu ukutani? Wiki ya harusi? Jirani zetu waliwekewa, wakabomolewa, mpaka leo wamepanga kwa watu."

"Mhandisi si wa kuweka X. Wa kuweka X ni serikali."

"Wote ni ndugu. Wewe si fundi? Niambie wewe."

"Mimi naweza kukuambia kwamba mgonjwa ana homa. Dawa na kipimo sijui. Hizo boriti zimebakiwa na nguvu kiasi gani, zitabeba wanawake wangapi wakicheza, hilo lina hesabu, na hesabu hiyo sikusomeshwa."

Tukakubaliana nusu kwa nusu. Nirudi kabla ya sherehe kutazama vioo. Vikiwa vizima, wanawake watapanda, ila wachache. Vikivunjika, nimwite mhandisi ninayemjua wa Kwale. Kwa kweli makubaliano yale yalikuwa mabovu, maana boriti hazikungoja kioo. Lakini mwenye nyumba ndiye mwenye nyumba, na nilitaka neno moja la kumshika nalo.

Niliporudi, ua ulikuwa umejaa masufuria ya kukodi na viti vya plastiki. Wanawake walikuwa wakipandisha magodoro na mikeka. Nikaenda moja kwa moja ukutani. Kioo cha chini kizima. Kioo cha juu kizima.

"Je?" Bi Subira alikuwa nyuma yangu, mikono ina unga.

"Vizima."

"Alhamdulillahi!" Akageuka kwa wenzake. "Nimewaambia! Pandisheni na ile meza."

Vigelegele vikapigwa. Mimi nami nilifurahi, sitasema uongo. Nikapanda kuwasaidia na ule mlango, nikasema angalau niusugue kidogo. Nikausukuma. Haukusogea. Safari ile ulikwangua; sasa ulikuwa umeng'ang'ana sakafuni nusu ya njia, na ule mwanya wa juu ulipitisha ngumi.

Nikasimama pale na randa mkononi. Kioo kinasema nyumba haijasogea, mlango unasema imesogea. Mmoja wao anadanganya, na mlango hauna sababu ya kudanganya.

Nikashuka nikatazama kile kioo cha juu tena, safari hii kwa miwani. Kioo kilikuwa cha dirisha lilelile lililovunjika, chenye nakshi ya maua. Lakini jasi yangu niliisawazisha kwa kidole, na hii ilikuwa imesawazishwa vizuri kwa kisu, pembe zote mraba. Mkono wa mtu msafi kuliko mimi.

"Nani amegusa kioo changu?"

Sauti ikatoka barazani: "Mimi."

"Mzee Nassir!"

"Kilipasuka, ndugu yangu. Nilikikuta asubuhi moja kimepasuka katikati, na juzi tena. Kioo kilichopasuka katika nyumba ya bi harusi si kizuri, watu wataona, watasema. Nikabandika kingine. Nilikwenda mpaka Ukunda kutafuta jasi kama yako." Alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Nilidhani umekiweka kuushika ufa. Nikasema, kikivunjika utafunguka."

"Juzi tena? Kimepasuka mara mbili?"

"Mara mbili."

Sikumkemea. Ningemkemea nini, mtu aliyepanda gari kwenda kuninunulia jasi? Nilimgeukia Bi Subira. Alikuwa amesikia yote. Akatazama juu kwenye dirisha, ambako mtu alikuwa ameanza kujaribu ngoma, dum, dum, na miguu ikafuata. Vumbi la chokaa likamwagika kutoka darini ndani ya kijiduka, likatua juu ya vitenge.

"Shukeni!" alipaza sauti. "Nyote! Acheni kila kitu! Mmoja mmoja, msikimbie!"

Walishuka wakilalamika. Shangazi mmoja mnene akasema, "Subira, unatufukuza kama kuku?" Naye akamjibu, "Kuku nawapenda wakiwa hai, shangazi." Kijiduka kikafungwa pia, na Mzee Nassir akahamishiwa kwa jirani, kwa maana aliye chini ya sakafu mbovu hana nafuu kuliko aliye juu yake.

Mhandisi Mbithe alifika kutoka Kwale mchana uleule, buti zina matope, kofia ya chuma imening'inia kwenye mkoba. Mkamba, msemaji wa haraka.

"Shikamoo, mzee. Nani yuko juu?"

"Marahaba. Hakuna."

"Chini?"

"Hakuna."

"Poa. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya leo, na mmeshaifanya."

Alizunguka polepole. Alipofika pembe ya nyumba akauliza maji ya kuogea yanakwenda wapi. Ikaonekana yanakwenda shimo lililochimbwa hapohapo, karibu na msingi, tangu bafu lijengwe. Udongo wa chini ulikuwa umelowa, unabebwa kidogo kidogo, na pembe ikaufuata. Akapima, akachomeka, akaandika, akafanya hesabu zake. Bi Subira alimfuata hatua kwa hatua, na mwishowe akauliza.

"Utaniwekea X?"

"Mimi sina rangi, mama." Mbithe alicheka kidogo. "Nyumba haijafa. Lakini chumba kile na kilicho chini yake, hakuna mtu kuingia mpaka niseme. Shimo hilo mnaacha kulitumia leo, si kesho. Boriti tutaziegemeza na nguzo, mbao ndefu juu na mbao ndefu chini, ili mzigo usitoboe sakafu. Fundi Karisa atafanya, mimi nitasimama. Hiyo simiti itatolewa, na ncha zilizooza zitabadilishwa. Ufa tutauziba mwisho kabisa, ukuta ukishatulia. Si kabla."

"Na harusi?"

"Uani. Mbali na pembe hii. Na hapo chezeni mpaka mchoke."

Mejumaa alipambwa chini ya turubai, upande wa jikoni, kwenye kitanda cha jirani. Mama yake alilia kidogo alipomtia hina, akasema ni moshi. Ngoma ilipopamba moto nilimwona Bi Subira anageuka kuangalia dirisha la juu, mara moja, kisha akaingia kucheza.

Baada ya harusi, nguzo zikiwa zimesimama, tulizitoa zile boriti mbovu. Ya kwanza ncha yake ilibaki ukutani. Nilichobeba kilikuwa kigogo kisicho na ncha. Mzee Nassir alitia mkono tunduni akatoa unga mweusi, akauangalia, akaufuta kwenye kikoi. Jioni akaniomba nibandike kioo kipya. Nikamwambia abandike yeye, mkono wake ni mzuri kuliko wangu. Niliandika tarehe tu.

"Kikipasuka?"

"Usikiguse. Nipigie."

Sasa niko Mkongani, kuna watu wanajenga ghala la mahindi. Mvua kubwa zimekuja na zimekwisha. Jana simu ililia, ni Mzee Nassir.

"Kizima," akasema. "Na wala sijakigusa."

"Mlango?"

"Unafungika. Subira anauliza Mbithe atakuja lini kutufungulia chumba. Mejumaa ana mdogo wake wa kupambwa."

Nimempigia Mbithe. Amesema atakwenda kupima kwanza.