Maziwa ya Oliver Yameyeyuka

Mimi Racheal sikujaliwa subira, na kazi ya polisi haikuniongezea. Wifi yangu Docus aliponipigia simu mchana ule, nikiwa Mbale kwenye kozi ya usajenti katika kambi ya polisi ya Nabuyonga, akaanza na "Wifi, usikasirike." Basi hapo hapo nikakasirika.

"Sema."

"Maziwa ya Oliver yameyeyuka."

Oliver ni mwanangu, ana miezi minne, nimemwacha nyumbani Bugembe kwa Docus na baba yake. Maziwa ya kopo yalimtoa damu chooni, daktari akayapiga marufuku, na ya ng'ombe vilevile. Anakunywa yangu tu. Kabla ya kozi nilikuwa nakamua kila alfajiri, chuchu zinawaka moto, nikajaza pakiti na kuzigandisha. Kwetu hakuna friza, ndiyo maana mama mwenye nyumba wetu, Induben, alinipa droo nzima kwenye yake. Na kozi ilikuwa bado imebakiza wiki nzima. Ninayokamua hapa Mbale namwaga, maana sina pa kuyaweka.

"Umeme ulikatika?"

"Hapana. Ni kaka."

Kaka yake ndiye mume wangu Romano, askari magereza. Alinunua samaki kule Wanyange, ziwani, akaona friza ya Induben ina nafasi, akawatupia humo bila kuuliza. Jamani! Friza ya mama wa Kihindu asiyegusa hata yai! Induben alipofungua akakutana na macho ya samaki, akapiga kelele majirani wakatoka. Akaizima, akatoa kila kitu, akaisugua kwa ndimu, akaiacha wazi ikauke. Pakiti zangu, kwa wema wake, akazishusha kwenye friji. Hiyo ilikuwa jana jioni. Sasa friza inafanya kazi tena, naye anataka kuzirudisha.

"Mpe simu!"

"Racheal, mwanangu," Induben akasema, "iko baridi bado. Mimi narudisha, inaganda, kwisha. Shida gani?"

"Mama, tafadhali usirudishe! Barafu haiui vijidudu, inavilaza tu. Maziwa yakishayeyuka vinaamka. Yaliyoyeyuka kabisa hayagandishwi tena."

"Hai Ram," akamwita Mungu wake, na sauti ikamshuka. "Basi mimi nafanya nini?"

Nikawaambia wabonyeze pakiti moja moja. Yenye vipande vya barafu irudi kwenye friza. Iliyo maji matupu ibaki kwenye friji. Nikawasikia wakibishana, huyu anasema hii laini, yule anasema hapana, kuna kigumu katikati. Zilizokuwa katikati ya rundo, nne tu, zilikuwa na barafu. Nyingine zote maji.

"Docus, alfajiri ulipofuata pakiti ya kumnywesha Oliver, zilikuwaje?"

"Zote zilikuwa na barafu bado."

"Afadhali. Yakishayeyuka yanadumu siku moja tu kwenye friji. Basi tunahesabu kuanzia alfajiri, si kuanzia jana yalipotolewa. Yatumike leo, mpaka kesho alfajiri. Yatakayobaki, mwaga."

Romano, kumbe alikuwa pale pale, akanyakua simu. "Tumwage maziwa? Maziwa ni maziwa, mwanamke! Sisi magereza tunagandisha nyama hata mara tatu."

"Ndiyo maana mnaharisha. Romano, pakiti nne hazimfikishi mtoto popote. Mlete Mbale."

"Kambini hawaruhusu watoto. Na ukitoka kozini wanakukata jina, umesema mwenyewe."

"Sitoki. Chukueni chumba nje ya geti, wewe na Docus. Nitamnyonyesha kila mapumziko."

"Na kazi yangu?"

"Omba ruhusa. Waambie uliweka samaki kwa Induben."

Nikamkatia simu. Ningemkamata siku ile, angejuta kuzaliwa.

Asubuhi iliyofuata akapiga yeye mwenyewe, sauti ya chini.

"Mama Oliver, nimeyamwaga. Docus alishindwa, akaanza kulia, nikamwambia aniachie. Nilifungua pakiti moja, nikamwaga, nikachukua nyingine, nikamwaga." Akakohoa. "Sikujua yalikuwa mengi hivyo. Nimepata ruhusa, leo tunamleta. Nisamehe, mama."

Wenzangu walikuwa wamenizunguka, na nilijua nikimjibu hilo nitalia. Nikamwambia tu asisahau kofia ya mtoto.

Jioni tulikuwa kwenye gwaride, tumesimama mguu sawa. Nikasikia mtoto analia getini. Hapa Mbale watoto wa kulia hawakosekani, lakini yule nilimjua kabla sijageuka. Maziwa yakaachia yenyewe. Shati likalowa mpaka kwenye mkanda, na mimi sipepesi jicho, naangalia mbele kama nilivyofundishwa.

Mkufunzi wetu, Afande Khainza, akapita mstarini. Akasimama mbele yangu. Akaliangalia shati, akaangalia getini alikosimama Romano na mtoto kifuani.

"Wako?"

"Ndiyo, afande."

"Sasa unangoja nini hapa?"

Nilikimbia. Romano akanipa mtoto, naye Oliver akanikodolea macho kama ananiona mara ya kwanza. Niliogopa amenisahau, sisemi uongo. Nikakaa chini pale pale vumbini, nikafungua vifungo, na mwanangu akaachama, akashika titi.