Mstari wa Mwisho wa Fomu

Nilikwenda kuulizia hati fungani, nikapewa fomu. Miaka ishirini na sita nimesimama mbele ya mashine za kufulia shuka za hospitali, siku nimetia hela mkononi nakwenda kuuliza swali moja tu, wananipa kazi ya kuandika. Nilitaka kulia, haki ya nani.

Kitengo cha dobi cha hospitali kilifungwa mwezi uliopita. Kazi yetu wamepewa watu wa nje, wenye kiwanda chao cha kufua, na sisi tukapewa kiinua mgongo na soda. Changu kilikuwa milioni kumi na mbili. Magoti yangu yote mawili yamekwisha, usiku yanalia kuliko watoto wachanga, na nilikuwa na ndoto moja tu duniani: kukaa chini. Si kusafiri, si kujenga ghorofa. Kukaa. Nilishapiga hesabu kichwani: milioni kumi na mbili zote kwenye hati fungani ya serikali, asilimia kumi na mbili kwa mwaka, kila miezi sita inanitemea laki saba na elfu ishirini. Msimamizi wa kile kiwanda cha kufua alikuwa ananipigia simu kila siku nikamfanyie kazi, na mimi nilikuwa nimeandaa neno moja la kumjibu: ng'o!

Basi tukaenda mimi na mume wangu, Baba Mapacha, fundi bomba, kwenye ofisi ya ushirika wetu wa akiba na mikopo. Afisa wa pale ni binti mwembamba, tunamwita Bi Kalamu kwa sababu haachi kalamu hata akinywa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mama, thamani yako ni kiasi gani?"

"Thamani yangu mimi? Muulize huyu alilipa mahari gani."

Baba Mapacha akacheka. Bi Kalamu naye alicheka, lakini fomu akaisogeza vilevile. "Mali zako zote upande huu, kwa bei ya leo. Madeni yako yote upande huu, kiasi kilichobaki leo. Toa madeni kwenye mali. Kinachobaki ndicho chako kweli. Bila hicho nitakushauri uwekeze nini? Nitakuwa napiga ramli."

"Hela si umeiona? Ipo kwenye akaunti."

"Nimeiona, mama. Sijaona inadaiwa na nani."

Akanielekeza safu kwa safu. Kisha akaitazama kompyuta yake, akanitazama mimi, akamtupia jicho Baba Mapacha, akarudi kwangu. "Na mstari wa mwisho, wa dhamana ulizowawekea watu wengine, tafadhali usiuruke." Alisema polepole kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Nikakunja fomu nikaitia mkobani, nikasema tutaijazia nyumbani.

Niseme ukweli hapa hapa, nisiwazungushe. Nina mdogo wangu wa kiume, tunamwita Meneja, hajawahi kumeneja kitu hata kimoja kikasimama. Miaka miwili nyuma alikopa milioni nne kwenye ushirika huo huo, anunue mashine ya kufyatua matofali. Akanijia na machozi. "Dada, ni sahihi tu. Ila usimwambie shemeji, atanidharau." Nikaweka sahihi. Mama yetu alipofariki aliniachia huyu mtoto ana miaka tisa; ningemkataliaje? Milioni moja alilipa. Halafu kuanzia miezi mitano iliyopita, kila nikimuuliza, "Dada, nimebakiza kidogo tu." Mashine yenyewe nasikia imelala ndani ya uzio wa mtu. Na Baba Mapacha, ambaye tulishaapiana baada ya kulipishwa deni la mtu zamani kwamba hakuna anayemdhamini mtu bila mwenzake kujua, sikumwambia. Miaka miwili nimekula naye, nimelala naye, sikumwambia.

Jumamosi mchana tukakaa mezani. Miguu nimeiweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Baba Mapacha akavaa miwani yake iliyofungwa kwa waya, akashika kalamu, maana mwandiko wangu yeye husema ni wa kuku.

"Kiinua mgongo, kumi na mbili. Akiba ya ushirika, milioni mbili na laki nne. Kiwanja?"

"Milioni nane."

"Nani kakwambia nane? Jirani juzi kauza sita, tena kabembeleza."

"Andika sita."

"Hati ya kiwanja ina majina mawili, Mama Mapacha. Fomu ni yako, unaandika nusu. Tatu."

Nikasonya. Tukafika kwenye vitu vya ndani. Mimi nilikuwa na hesabu yangu: makochi, milioni moja na laki nne, si risiti ninayo? Akainuka, akalikalia kochi, likalia, akazama mpaka magoti yakakaribia kidevu. "Hili unamuuzia nani leo?" Nilicheka nikakohoa. Makochi, friji na cherehani, vyote kwa pamoja tukaandika laki tatu.

Halafu wale ninaowadai. Jamani, hapo ndipo nilipochoka. Nina daftari zima. Wifi yangu, laki nane, tangu mapacha wakiwa darasa la pili. Sasa Kulwa yuko chuo na pacha wake ana saluni ya kusuka nywele. Yule mfuaji mwenzangu aliyehama. Mchungaji. Baba Mapacha alisoma jina moja moja, akiuliza kila mara, "Huyu atalipa?" Nami nilitikisa kichwa, naye akakata. Ilibaki laki moja, ya muuza mkaa, kwa sababu huyo hulipa hata akiwa na homa. Kutoka milioni ishirini na tano nilizokuwa nazo kichwani, nikashuka hadi kumi na saba na laki nane.

Upande wa madeni haukuchukua muda. Mkopo wangu wa ushirika, milioni tatu na laki moja, unakula asilimia kumi na nane kwa mwaka. Ada ya chuo ya Kulwa, laki saba. Dukani, laki moja. Tatu na laki tisa.

"Unaona hapa," akasema, anagonga ule mkopo kwa kalamu. "Huu unakula kumi na nane, hati yako italeta kumi na mbili. Ukiuacha huu ukakimbilia ile, unateka maji kwenye ndoo iliyotoboka. Hilo hata fundi bomba analijua."

Nilijua anasema kweli, nikamchukia kidogo. Hati yangu ya milioni kumi na mbili ilikuwa inakatwa mbele ya macho yangu, na mstari wa mwisho bado.

Akaufikia. Akausoma kwa sauti, neno kwa neno. "Dhamana ulizowawekea watu wengine." Akaweka kalamu kwenye karatasi, hakuandika. Wala hakunitazama. "Niandike nini?"

Nilitaka kusema hakuna. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikaangalia ile karatasi, vile tulivyokata makochi, tukakata kiwanja, tukamkata hata wifi, nikaona nikisema hakuna basi kazi yote ya mchana huu ni upuuzi. Bi Kalamu atanipangia mpango juu ya uongo. Na mwisho wa siku mpango utaanguka na uongo utabaki umesimama.

"Meneja," nikasema. "Zimebaki milioni tatu. Ameacha kulipa. Nilikuficha."

Nikasubiri apige meza. Si mtu wa kupiga meza, lakini siku hiyo ningemruhusu.

Akaandika. Niliiona kalamu ikienda taratibu: milioni moja na nusu.

"Nimesema tatu."

"Tatu, wadhamini wawili. Moja na nusu ni yako." Akavua miwani. "Akiba yako haikutosha kumdhamini peke yako. Meneja akanijia na mimi na ile fomu. 'Shemeji, sahihi moja tu, usimwambie dada.' Nikaona sahihi yako pale. Ule mwandiko wa kuku nitausahau? Nikaweka yangu chini yake."

Nikashusha miguu kutoka kwenye ndoo. "Miaka miwili ulijua?"

"Miaka miwili nilikuwa nasubiri useme."

"Na wewe kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu na mimi nilikuwa nimevunja kiapo kile kile." Akapangusa miwani kwa shati, muda mrefu, kama ina uchafu. "Na nilikuwa nimechoka, Mama Mapacha. Kila siku nasema kesho."

Nikalia basi. Sikulia kwa ajili ya hela. Nililia kwa zile siku zote ambazo watu wawili wamekaa kwenye chumba kimoja, kila mmoja kalibeba gunia lile lile akidhani ni lake peke yake. Yeye akaenda kuchemsha chai, akaungua kidole, akatukana sufuria. Nikajua ameumia zaidi ya nilivyodhani, maana yeye vyombo huwa havitukani.

Aliporudi tukamalizia. Kumi na saba na laki nane, toa tatu na laki tisa, toa moja na nusu. Milioni kumi na mbili na laki nne. Hiyo ndiyo mimi.

Lakini thamani si fedha ya mkononi. Kiwanja siwezi kukila, na akiba ya ushirika imefungwa mpaka deni la Meneja liishe. Kwenye zile kumi na mbili za kiinua mgongo, tukatoa madeni yangu, tukatenga na ile moja na nusu, maana dawa ya deni ni kulipa na mdogo wangu namjua. Zikabaki sita na laki sita. Bi Kalamu alishatuambia matumizi ya miezi minne yakae pembeni, yasiguswe: milioni moja na laki sita. Ya hati fungani ikabaki milioni tano. Laki tatu kila miezi sita. Niligawanya kwa miezi sita, nikarudia mara ya pili, nikitumaini jibu litabadilika. Elfu hamsini.

Kwa elfu hamsini hakuna anayekaa chini.

Nikasikia goti la kushoto linapwita. Baba Mapacha akaweka mkono wake wenye alama za bomba juu ya lile goti.

Simu ikaita. Msimamizi wa kiwanda cha kufua, hata Jumamosi hapumziki. "Mama, ninahitaji jibu. Mashine kubwa iko wazi, zamu ya saa kumi kwa siku."

Zamani ningesema ndiyo, bosi, kabla hajamaliza. Nikaitazama ile karatasi. Sina nyingi, lakini ninajua ni ngapi, na ninajua ningeweza kuishi miezi minne bila yeye.

"Mashine hapana," nikasema. "Nitakunja shuka. Saa sita kwa siku. Na nataka kiti."

"Kiti? Mama, kwenye kukunja watu husimama."

"Mimi nimeshasimama," nikamwambia. "Wewe fikiria mpaka Jumatatu."

Nikakata. Baba Mapacha alinitazama mdomo wazi. Kisha akaisogeza fomu mbele yangu, akanipa kalamu, akanionyesha mahali pa sahihi.