Shusha Mashineni

Muhidini alinipigia simu kabla ya adhana ya alfajiri. Ni shemeji wa ndugu yangu Doto, kaka wa mkewe Tabu, na si mtu wa kupiga simu saa zile. Nilijua kabla hajasema.

"Kulwa, shemeji," alisema, "Doto ametutoka. Kile kifua kimemzidi. Tunamzika leo baada ya alasiri."

Doto na mimi ni mapacha. Mimi nilitangulia, yeye akafuata. Alipomwoa Tabu alisilimu akapewa jina la Abdulshakur, lakini kwenye machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa waliendelea kumwita Doto, na mimi nilipokwenda kumtembelea watu walinisalimia njiani wakidhani ni yeye. Nilijua pia kwamba wenzetu Waislamu hawalazi maiti wakimngoja ndugu.

"Nimeongea na sheikhe," Muhidini aliendelea. "Amekubali ushuke kaburini pamoja nami, umpokee ndugu yako. Wewe fika tu kabla ya saa kumi."

"Nitafika," nilisema.

Nikatoka nyumbani Ngokolo bila kunywa chai. Stendi ya Shinyanga wakala mmoja anaitwa Valerian alinikatia tiketi moja ya safari mbili: Shinyanga mpaka Geita kwa basi la Nyanguge Raha, kisha Geita mpaka Rwamgasa kwa basi la Busolwa Salama, saa saba kamili mchana.

"Unabadili Geita," aliniambia.

"Ni mahali pamoja?"

"Geita hapohapo, mzee. Ukishuka hili unapanda lile."

Niliridhika. Sisi tumezoea uwanja mmoja ambao mabasi yote yanaingia, ukishuka huku unavuka kule. Sikuwaza kwamba kampuni inaweza kuwa na uwanja wake, na geti lake, na ukuta wake.

Basi lilitoka saa kumi na mbili na robo. Njia nzima sikusinzia. Niliangalia saa ya simu, nikaiweka mfukoni, nikaitoa tena. Tulipovuka daraja la Busisi abiria wengine walisimama kupiga picha za maji. Mimi nilihesabu dakika. Zamani tungekuwa bado tunasubiri kivuko, nikajiambia, leo nitawahi.

Tulipoingia Geita ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Kabla ya kufika mwisho, kwenye kona yenye mashine ya kusaga, wanaume wanne waliokuwa wamevaa mabuti ya mvua walisimama na magodoro yao yaliyoviringishwa.

"Shusha mashineni!" walipiga kelele.

Konda akagonga bodi, basi likapunguza mwendo, wakaruka. Nikadhani wanaishi hapo. Sisi tuliobaki tukapelekwa hadi uwanja wa Nyanguge Raha, geti likafungwa nyuma yetu.

Ulikuwa uwanja mzuri, una benchi na choo. Nilitafuta kibao chenye jina la Busolwa, sikukiona. Nikaenda kwenye dirisha la tiketi.

"Samahani dada, basi la Busolwa Salama linasimama wapi?"

Yule dada hakuinua macho. "Sisi hatuhusiki na Busolwa, kaka."

"Lakini tiketi ni hii, imeandikwa zote mbili."

"Aliyekuuzia ni wakala. Sisi tumekuahidi Geita, na hapa ni Geita, au siyo?"

Watu wawili nyuma yangu wakacheka. Nikamfuata mlinzi wa getini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Gari la Rwamgasa linaingia humu?"

Alinitazama kama mtu anayechagua maneno. "Magari yanaingia," alisema. "Kaa kivulini."

Nikakaa. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Mtu mzima ningetoka nje nikauliza barabarani, lakini nilishazoea kwamba ukiwa ndani ya stendi, gari litakukuta. Kila basi lililoingia nilisimama, nikasoma kioo cha mbele, nikakaa. Bukoba. Mwanza. Kahama.

Saa saba kasoro kumi Muhidini akapiga.

"Umefika wapi, shemeji?"

"Niko Geita tayari. Nasubiri gari tu, linaingia sasa hivi."

"Nije kukuchukua? Pikipiki ipo, kwa saa moja na nusu niko hapo."

"Usisumbuke, baki na wageni. Nimeshafika, bado kupanda tu."

Kwa nini nilisema hivyo? Sisi wote tunasema hivyo. Mtu yuko bafuni anasema yuko njiani. Nilitaka wajue nakuja, wasinihesabu kama ndugu asiyejali.

Saa saba kamili nikasikia honi, ndefu, halafu sauti ya mpiga debe: "Katoro, Rwamgasa! Rwamgasa hiyo, inaondoka hiyo!"

Niliruka. Sauti ilitoka nyuma ya ukuta, hatua kumi kutoka benchi langu. Nikaukimbilia ukuta na pale nikaona matofali ambayo rangi yake haikufanana na mengine, yamepangwa kwa umbo la mlango. Juu kidogo, upande wa pili, nikaona paa jeupe la basi likisogea taratibu, na mizigo juu yake. Godoro lililoviringishwa. Jingine.

"Simamisha!" nilipiga kelele. "Dereva! Simamisha!"

Paa likapita, likapotea.

Mama mmoja muuza uji, ambaye wote pale walimwita Mama Mbuke, alikuwa akinitazama na kijiko mkononi.

"Ng'wanawane, mwanangu," alisema, "wewe unakwenda Rwamgasa?"

"Ndiyo mama."

"Sasa mbona hukushuka mashineni?"

Nikamnyooshea tiketi yangu.

"Watu wa machimbo wote wanashuka mashineni. Wanapita kichochoro cha nyuma ya mashine, wanatokea kwa Busolwa. Ukishaletwa humu ndani umezungushwa."

"Mbona hamsemi, mama? Nimekaa hapa nusu saa mbele yako!"

"Hukuniuliza. Ungekunywa uji ungeniuliza," alisema, si kwa ubaya. "Na huyo mlinzi akisema anafukuzwa kazi. Haya, kimbia, huenda wana gari jingine."

Nilikimbia hadi nje ya geti. Badala ya kurudi mashineni kwa miguu nikarukia bodaboda, kwa haraka yangu, nikasema, "Busolwa, upesi!" Akanipeleka mbio hadi stendi kuu ya mji, tukapita mtaa wote wa Kalangalala.

"Hapa siyo," nilisema.

"Busolwa si yanapita hapa asubuhi?"

"Nataka uwanja wao!"

"Ungesema uwanja wao, bosi. Uwanja wao uko kule tulikotoka, karibu na mashine."

Saa saba na nusu nikaingia uwanja wa Busolwa Salama. Kutoka kona ya mashine ni hatua zisizofika mia mbili. Ofisini alikuwepo binti mwenye sauti ya upole, Nelly, jina lilikuwa kwenye kitambulisho chake. Aliangalia tiketi, akaangalia uso wangu.

"Pole baba. Limeondoka. Jingine ni saa tisa na nusu, linafika Rwamgasa kama saa kumi na moja na nusu."

"Ninazika saa kumi."

Akachukua simu. "Nimpigie dereva?" Akapiga. Simu haikupokelewa. Akapiga tena. "Akiwa barabarani hapokei, ndiyo utaratibu."

"Kwa nini hamuweki kibao?" Nilisikia sauti yangu imepanda. Katika miaka yangu arobaini na moja sijui kama nimewahi kumfokea mtu nisiyemfahamu.

"Tuliweka, baba. Wenye kampuni hizi mbili walikuwa washirika, uwanja ulikuwa mmoja. Walipogombana wakagawana, wakajenga ukuta katikati. Mwanzo mlango ulikuwepo, abiria wanapita. Halafu wakauziba. Kibao chetu tulichoweka barabarani kiling'olewa. Tukaweka cha pili, nacho sasa ni mlango wa banda la kuku la jirani, na mshale bado unaonekana." Akataka kutabasamu, akaacha. "Wenyeji wanajua. Wageni ndio wanaumia."

Alinishauri nipande mchomoko, yale magari madogo ya kwenda Katoro, kisha pikipiki. Nikarudi tena stendi kuu. Mchomoko ulikuwa na abiria wawili, na hauondoki mpaka ujae. Nilisimama, nikakaa, nikashuka, nikauzunguka. Dereva akaniambia, "Mjomba, ukizunguka hivyo abiria watadhani gari bovu."

Saa nane Muhidini akapiga tena. "Umepanda?"

"Tumeshaondoka," nilisema, mguu wangu ukiwa bado chini.

"Sawa. Basi sitoki. Sheikhe ameulizia, nimemwambia uko njiani."

Tuliondoka saa tisa kasoro kumi. Katoro tukafika saa kumi kasoro dakika chache, foleni ya malori ya kokoto ikatuchelewesha, hata pa kugeuzia gari hapakuwepo. Nikapanda pikipiki. Barabara ya Rwamgasa ilikuwa na madimbwi ya mvua ya juzi, na kwenye kila dimbwi kijana aliyeniendesha alipunguza mwendo na mimi nikamsukuma mgongoni kwa magoti, kama anayesukuma ng'ombe. Simu iliita, sikupokea. Sikuwa tena na uongo wa kusema.

Makaburini niliwakuta wanaume wakikusanya makoleo. Udongo ulikuwa umeshapandishwa, mbichi, mwekundu. Sheikhe alinipa mkono akasema walisubiri nusu saa baada ya swala, wakaona jua linakwenda. Nilimshukuru. Watu waliponiona walishtuka, mmoja akageuza uso. Nilikumbuka sura yangu ni ya nani.

Muhidini alinishika bega tukaenda kando. Kanzu yake ilikuwa na udongo mpaka magotini.

"Ungesema tu, shemeji," alisema. "Pikipiki niliiwasha mara mbili. Ulivyosema gari linaingia nikaizima. Ulivyosema mmeondoka nikaizima. Ungesema umepotea ningekufuata."

Ningemwambia habari za ukuta, za mlinzi, za kichochoro, na zote ni kweli. Lakini mara mbili aliniuliza, na mara mbili nilimjibu mimi mwenyewe.

"Nani alishuka badala yangu?" niliuliza baadaye.

"Mimi, na Stanslaus, yule aliyekuwa akichimba naye shimoni, duara moja. Yeye ni Mkristo kama wewe. Sheikhe akasema nafasi ilishatolewa kwa Mkristo, asikataliwe mtu aliyefanya naye kazi chini ya ardhi."

"Nieleze basi."

"Nikueleze nini?"

"Yote. Mlivyompokea."

Muhidini alikaa chini kwenye nyasi, nami nikakaa. Akanieleza. Kwamba alikuwa mwepesi kuliko walivyotarajia, kwa zile siku nne za homa. Kwamba Stanslaus alishika upande wa kichwa, akasema, "Polepole, hapa dari ni fupi," kama walivyozoea kuambiana shimoni, kisha akaona aibu. Kwamba walimlaza kwa ubavu wa kulia, wakafungua vifundo vya sanda, wakamwelekeza uso kibla.

"Ni upande upi huo, kwa hapa?" niliuliza.

Akanyoosha mkono kuelekea kaskazini, juu ya mabanda ya machimbo. Nikatazama huko alikoonyesha mpaka aliposhusha mkono.